Mbwa wa nyumbani amemng'ata mtoto wa miezi tisa

*Shikamoo daktari. Mwanangu ana miezi 9, anatambaa. Jana Jumamosi jioni alimfuata mbwa wetu kwenye bakuli la chakula, mbwa akamng'ata mkononi. Ni alama mbili ndogo za meno, damu ilitoka kidogo ikakata. Bibi yake alipaka mafuta ya taa. Mbwa ni wetu, alichanjwa mwaka juzi, na mwenyewe yuko sawa tu. Nimpeleke hospitali au niangalie kwanza siku mbili tatu? Na je, mbwa na paka tuwaondoe nyumbani? Mama Neema, Morogoro.*

Marahaba Mama Neema. Mpeleke leo. Usingoje siku mbili, usingoje kidonda kivimbe, na usingoje kuona mbwa atakuwaje. Kabla hujatoka, mwoshe mkono upya, kisha umfunge mbwa mahali salama akiwa hai, maana naye ana kazi ya kutufanyia kwa siku kumi zijazo.

Tuanze na kuosha. Virusi vya kichaa cha mbwa hukaa kwenye mate, na vikishaingia jerahani hukaa hapo kwa muda kabla ya kushika mishipa ya fahamu na kupanda polepole kuelekea kwenye ubongo. Sabuni ya kawaida huviua kwa sababu gamba lao la nje ni la mafuta. Kwa hiyo kipande cha sabuni ya kufulia na maji yanayotiririka ni dawa ya kweli, si mambo ya kujifariji. Mtu mmoja ampakate mtoto, mwingine amimine maji kwa jagi au afungue bomba, na mkono uoshwe kwa sabuni kwa dakika 15 mkiangalia saa. Dakika 15 ni nyingi kuliko mtu anavyodhani, na mtoto atalia, ndiyo maana wengi huishia kwenye mbili. Usisugue kwa brashi wala kitambaa kigumu. Acha maji yaingie kwenye vitundu vya meno na kutoka. Kama ingekuwa usoni, ungetumia maji mengi na kuhakikisha sabuni haiingii machoni.

Ukimaliza, paka iodini ya kahawia ya dukani kama unayo, funika kwa kitambaa safi bila kukaza, basi. Mafuta ya taa, pilipili, majivu, dawa ya meno, kinyesi cha ng'ombe, vyote hivyo huunguza nyama au huingiza uchafu, na hakuna hata kimoja kinachofika mahali virusi vilipo. Bibi alitaka kusaidia, hana kosa la kugombezwa, ila yaoshe yatoke. Kuosha kunafaa hata leo, ingawa usiku mzima umepita.

Sasa kwa nini hospitali, wakati jeraha ni dogo na mbwa ni wenu? Ukubwa wa jeraha hausemi lolote kuhusu virusi. Kinachoangaliwa ni kama ngozi imetoboka. Madaktari hugawa haya mambo katika ngazi tatu. Ya kwanza ni mbwa kuguswa au kulamba ngozi nzima isiyo na mchubuko, na hapo hakuna sindano. Ya pili ni mkwaruzo mdogo au kutafunwa-tafunwa ngozi bila damu; hapo huoshwa na kupewa chanjo. Ya tatu ni jino kupita ngozi na damu kutoka, au mate kuingia kwenye kidonda, jicho au mdomo, na hapo huongezwa dawa nyingine, immunoglobulini, juu ya chanjo. Alama mbili zilizotoa damu, hata kidogo, ziko ngazi ya tatu. Ugonjwa wenyewe ukishaanza dalili, hakuna tiba inayoweza kutegemewa kuokoa maisha, na kwa kawaida dalili hutokea baada ya miezi miwili au mitatu, wakati mwingine wiki moja tu, wakati mwingine hata mwaka. Mtoto aliyetulia kwa siku tatu kwa hiyo hajathibitisha kitu.

Nalo hilo la "alichanjwa mwaka juzi" halitusaidii sana. Kwetu mbwa huchanjwa kila mwaka, na kadi ya mwaka juzi imeshapitwa na wakati. Ni kweli kwamba mbwa aliyeingiliwa bakuli anaweza kung'ata bila kuwa na ugonjwa wowote, na huenda ndivyo ilivyokuwa. Lakini mbwa aliyeanza kuugua naye hula, na naye huingiliwa bakuli. Kama angekuwa na kadi ya chanjo ya ndani ya mwaka, tena mbwa hatoki uani, daktari angeweza kuamua kumwangalia mbwa kwanza. Bila kadi hiyo, chanjo huanza.

Kabla ya kupanda gari, piga simu. Zahanati nyingi hazina chanjo ya kichaa cha mbwa, na kuzunguka vituo vitatu na mtoto mgongoni ni namna ya kupoteza siku. Anza na hospitali ya wilaya au ya mkoa, uliza mambo mawili: chanjo ipo? Na immunoglobulini ya kichaa cha mbwa ipo? Chukua kadi ya kliniki ya mtoto. Muuguzi ataangalia pale kama alishamaliza sindano tatu za pentavalenti, zile za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kwa sababu ndani yake mna kinga ya pepopunda. Kama zimekamilika, hahitaji nyingine ya pepopunda leo.

Chanjo hudungwa kwa njia mbili, na hospitali ndiyo huchagua. Njia moja ni ndani ya ngozi: vipimo viwili vidogo vya dawa, mililita 0.1 kila kimoja, sehemu mbili za mwili, siku ya 0, ya 3 na ya 7. Njia ya pili ni ndani ya msuli, siku ya 0, 3, 7, kisha moja kati ya siku ya 14 na ya 28. Kuna hospitali ambazo bado zinafuata ratiba ya sindano tano. Siku ya 0 ni siku ya sindano ya kwanza, si siku ya kung'atwa. Ukienda leo Jumapili, basi unarudi Jumatano, kisha Jumapili inayofuata. Ukichelewa siku moja kwa sababu ya mvua au nauli, nenda kesho yake na kuendelea na ratiba, haianzwi upya.

Usishtuke ukiona mtoto anapewa kipimo kile kile cha mtu mzima. Kwa chanjo hii ndivyo ilivyo, haipunguzwi kwa umri wala uzito. La kuangalia ni mahali: mtoto wa umri wake hudungwa pajani, upande wa mbele kwa nje. Matakoni hapana. Pale mafuta ni mengi, na chanjo ikiishia kwenye mafuta mwili hutengeneza kinga hafifu. Ukiona sindano inaelekezwa huko, uliza kwa adabu, una haki ya kuuliza. Homa ndogo na wekundu pajani ni vya kawaida, parasetamoli ya maji kwa kipimo cha uzito wake inatosha.

Immunoglobulini ndiyo ile dawa ya ziada ya ngazi ya tatu. Chanjo huufundisha mwili kutengeneza kinga, na somo hilo huchukua karibu wiki nzima au zaidi. Immunoglobulini ni kinga iliyokwisha kutengenezwa, inawekwa palepale jerahani ili kuziba hilo pengo. Hapa ndipo uzito unapohesabiwa. Tuseme Neema ana kilo 8. Ile inayotokana na farasi hutolewa yuniti 40 kwa kila kilo, yaani yuniti 320. Chupa nyingi zina yuniti 200 kwa mililita, kwa hiyo mwisho wake ni mililita 1.6. Ile inayotokana na binadamu ni yuniti 20 kwa kilo, yaani 160. Hicho ni kikomo cha juu, si kiasi cha lazima. Dawa huingizwa ndani na kuzunguka vile vitundu vya meno kadiri nyama inavyopokea, na kwenye mkono mdogo wa mtoto haipokei nyingi. Daktari huenda polepole ili asibane damu. Mama wengi huona ni ukatili kuchoma sindano kwenye kidonda chenyewe, lakini kuidunga mbali na kidonda ni karibu na kuimwaga.

Dawa hii mara nyingi haipatikani. Ikikosekana, chanjo isisubiri hata kidogo: anza leo, na immunoglobulini ikipatikana ndani ya siku 7 tangu sindano ya kwanza bado inafaa. Baada ya hapo haitolewi tena, kwa kuwa mwili umeshaanza kujitengenezea. Jambo moja la mwisho kwa umri wa Neema: miezi 9 ndiyo wakati wa chanjo ya surua na rubela. Chanjo ya kichaa cha mbwa haina ugomvi nayo, ila immunoglobulini ya binadamu inaweza kuidhoofisha. Kama ameipata, iandikwe kwenye kadi ya kliniki na muuguzi aambiwe kabla ya sindano ya surua, ili apange tarehe.

Mkono nao una hatari yake, mbali na kichaa. Mdomo wa mbwa na wa paka umejaa bakteria, na kiganjani mfupa na kano viko karibu kabisa na ngozi. Kwa mtoto mchanga na jeraha la mkononi, daktari wengi huandika amoksilini yenye klavulanati kwa siku 3 hadi 5, kipimo kwa uzito. Usinunue erithromaisini dukani kwa kubahatisha. Ile bakteria inayosumbua zaidi baada ya kung'atwa haiisikii vizuri. Na kitundu kisishonwe haraka ili kipendeze. Kushona ni kufungia uchafu ndani. Rudi hospitali siku hiyohiyo ukiona wekundu unatambaa kupanda mkono, uvimbe unaongezeka, usaha, vidole havikunjiki, au homa inayopanda na mtoto anakataa kunyonya.

Ungekuwa umeniandikia kuhusu paka, ningekuhimiza hivyohivyo. Jino la paka ni jembamba, linaacha nukta ambayo kesho yake imeshafumba, huku bakteria wamezikwa chini. Ndani ya saa 12 hadi 24 kidole kinaweza kuwa kimevimba chote. Paka naye hupata kichaa na kukiambukiza. Na kama mtoto angeng'atwa kichwani au usoni, hapo haingekuwa habari ya kuosha na kupanda daladala baadaye: unaosha, unakandamiza penye damu, na unakwenda moja kwa moja hospitali kubwa. Fuvu la mtoto chini ya mwaka ni jembamba, jino la mbwa mkubwa linaweza kulipenya na kuacha juu yake kijitundu kisichotisha macho. Kichwani pia virusi vina safari fupi.

Turudi kwa mbwa. Mmefanya vizuri kutomuua, maana majirani hushauri hivyo upesi. Mbwa mwenye kichaa huanza kutoa virusi kwenye mate siku chache tu kabla ya kuonyesha dalili, na dalili zikianza hufa ndani ya siku chache. Ndiyo maana siku 10 zinatosha: kama alimng'ata mtoto Jumamosi na hadi Jumanne ya wiki itakayofuata ile ijayo anakula, anabweka kama kawaida na anamtambua mwenye nyumba, basi Jumamosi ile mate yake hayakuwa na virusi. Hapo daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Kwa ratiba ya ndani ya ngozi zitakuwa zimeshaisha, na hujapoteza kitu, mtoto amebaki na kinga.

Mfungeni au mwekeni bandani, chakula na maji vipelekwe na mtu mzima mmoja, bila kumshika mdomo. Asiuzwe, asipelekwe shamba kwa mjomba, na asichanjwe katika siku hizi kumi. Chanjo ni baada ya hapo. Mjulisheni afisa mifugo wa kata leo au kesho asubuhi. Watu wanangoja povu na ukali, na wanakosa kichaa cha kimya, ambacho ni cha kawaida vilevile. Huyo hulala kona yenye giza, taya linalegea, mate yanachuruzika, sauti ya kubweka inageuka ya kukwaruza, anashindwa kumeza. Anafanana kabisa na mbwa aliyekwamwa na mfupa kooni, na wenye huruma huingiza mkono kuutoa. Msiingize. Akifa au akipotea kabla siku kumi hazijaisha, mtoto anamaliza sindano zote. Akifa, msimzike kabla ya afisa mifugo kufika, kwa sababu kipimo hufanywa kwenye ubongo. Kwa sababu hiyohiyo, kama ni lazima auawe, asipigwe kichwani.

Nawe mwenyewe: kama mlimbembeleza mtoto usiku huo mate ya mbwa yakagusa mchubuko wenu mkononi, semeni hospitali. Kunyonyesha kunaendelea kama kawaida.

Kuwaondoa? Hilo lina majibu tofauti. Akimaliza uangalizi salama, mbwa aliyetetea chakula chake amefanya jambo linaloweza kuzuilika kwa mpangilio, na ningembakiza. Mbwa anayemfuata mtoto na kumng'ata bila kusogelewa, ningemhamisha bila mjadala. Mtoto anayetambaa yuko usawa wa mdomo wa mbwa, anasogea kwa kushtukiza, na haelewi ngurumo. Kwa hiyo mpeni mbwa chakula kwa saa maalumu, nyuma ya mlango au uzio ambao mtoto hafiki, na bakuli liondolewe baada ya dakika 20, hata kama limebaki na makombo. Bakuli lililoachwa uani kutwa ndilo lililotuletea barua hii. Mbwa jike mwenye watoto ahesabiwe vivyo hivyo. Mbwa yeyote akiwa na mtoto mahali pamoja, mtu mzima awe karibu kiasi cha kunyoosha mkono na kumgusa mtoto. Kuwa jikoni ukiwasikiliza si kuwa nao. Mbwa akikakamaa ghafla, akaonyesha weupe wa jicho pembeni, au akanguruma, mnyanyue mtoto. Msimpige kwa kunguruma. Mbwa aliyefundishwa kwa fimbo kwamba asingurume hujifunza kuruka hatua hiyo na kuanzia kwenye meno.

Upande wa usafi, kinyesi ndicho cha kuhangaikia kuliko manyoya. Mayai ya minyoo ya mbwa yakitoka leo hayaambukizi leo. Huhitaji kama wiki mbili au zaidi kukomaa kwenye udongo. Kwa hiyo anayezoa uani kila siku kwa koleo na kufukia mbali au kutupa chooni amevunja mzunguko wote, kwa bei ya dakika tano. Hatari kubwa iko kwa watoto wa mbwa: hao hupewa dawa ya minyoo kuanzia wiki ya pili ya maisha, tena kila baada ya wiki mbili hadi waachishwe, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Mbwa mkubwa, kila miezi mitatu, kwa uzito wake, dawa ya mifugo. Neema asipewe ya kwake kwa kukisia. Albendazoli kwa mtoto chini ya mwaka mmoja ni uamuzi wa daktari.

Paka hupenda mchanga, na ule wa ujenzi uliomwagwa mbele ya nyumba ni choo chake kabla fundi hajafika. Ufunikeni turubai. Vimelea vya toksoplasma kwenye kinyesi cha paka huhitaji siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo boksi lake la ndani likisafishwa kila siku tatizo hupungua sana. Anayelisafisha asiwe mjamzito. Kama kuna viduara vya upara kwenye manyoya ya paka, huenda ni mashilingi, na atampa mtoto. Mkeka wa kutambalia ufutwe na uhifadhiwe juu, wanyama wasiulalie. Kulamba uso na mikono kukatazwe. Ikitokea, osha kwa sabuni, ngozi nzima haihitaji zaidi.

Dawa ya kupe ni hatari ambayo watu hawaifikirii. Mbwa aliyeogeshwa dawa asiwe karibu na mtoto siku hiyo, na chupa ifungiwe juu. Dawa za mazao zisitumike kabisa kwa mnyama, kwani hubaki kwenye manyoya na mtoto huyashika kisha hunyonya vidole.

Usiku paka hutafuta joto, na joto liko kwa mtoto. Chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro humzuia kwa kiasi, ila paka mzito hukilalia juu na kukishusha usoni. Mlango wa chumba ufungwe kabla taa haijazimwa, na kwanza mwangalie kama hajajificha chini ya kitanda.